Roboti ya mazungumzo inapotukanwa: namna ya kujibu bila kuchochea, na wakati wa kufunga mazungumzo

Mwongozo huu unahusu roboti ya aina moja tu, ile inayojibu wateja kwa WhatsApp kwa niaba ya ofisi ya mizigo ya mabasi, mfano wa ofisi zilizoko stendi ya Kange jijini Tanga, ambako kutwa watu huuliza kama mzigo uliopakiwa Dar es Salaam umefika. Nimejifunga kwenye kazi hiyo kwa sababu ndiyo ninayoihudumia, na kwa sababu hasira ya mtu anayesubiri mzigo ina chanzo kinachoweza kutafutwa na kupatikana: gari limeharibika Chalinze, mzigo umehamishiwa gari la pili, namba ya risiti imekosewa tarakimu moja, au kondakta ameushusha Muheza badala ya kuufikisha mwisho wa safari. Anayesimamia roboti ya zahanati au ya duka la simu atalazimika kubadilisha mifano, lakini mpangilio wa hatua hautabadilika sana.

Kabla ya hatua yoyote, yafaa ieleweke ni nani anayelindwa. Roboti haivunjiwi heshima. Wanaobaki na madhara ni mteja ambaye mzigo wake haujulikani uliko, na karani wa kaunta atakayepokea mazungumzo hayo roboti ikishindwa. Kila uamuzi unaoelezwa hapa chini, uwe wa kujibu, wa kuonya au wa kufunga, umepimwa kwa faida ya hao wawili, na ndiyo maana ukali wa tusi peke yake hauamui jambo. Mtu anaweza kuporomosha matusi ya nguoni huku ametaja namba ya risiti, na huyo ni mteja wa kuhudumiwa. Mwingine anaweza kuandika kwa lugha safi kabisa kwamba atamsubiri karani nje ofisi ikifungwa, na huyo hafai kuachiwa roboti hata kwa dakika moja.

Hatua ya kwanza: itafute hoja kabla ya kulitazama tusi

Kwa hoja nakusudia kitu chochote ambacho ofisi inaweza kukifanyia kazi: namba ya risiti, jina la mpokeaji, siku mzigo ulipopakiwa, swali, au hata lalamiko lenye jambo mahususi ndani yake. Ujumbe kama “Nyie wezi wakubwa, leo siku ya tatu, vitenge vyangu viko wapi?” una hoja mbili, yaani idadi ya siku na aina ya mzigo, na roboti iliyotengenezwa vizuri huzishika hizo mbili na kuliacha neno “wezi” lipite. Hasira ya namna hii ndiyo nyingi kuliko zote, na asili yake mara nyingi ni roboti yenyewe, hasa pale inaporudia “Samahani, sijaelewa, tafadhali chagua 1, 2 au 3” kwa mtu ambaye ameshajieleza mara tatu.

Ipo pia hasira inayomlenga mjibuji mwenyewe: “Hebu nitolee hilo likopo hapa, nataka kuongea na mtu.” Wengi huliweka hili kwenye fungu la matusi, nami naliona kuwa ombi lililo wazi kabisa. Jibu lake ni kutaja saa ambazo karani yupo na kumkabidhi, bila kumshawishi mteja aijaribu roboti tena.

Kisha wapo wanaopima. Ni vijana wa kijiweni wenye simu moja wanaotaka kuona roboti itasema nini ikitukanwa, au mteja aliyekata tamaa na huduma akaamua kujiburudisha. Januari 2024 roboti ya kampuni ya usafirishaji wa vifurushi ya DPD, huko Uingereza, ilishawishiwa na mteja aliyekuwa akitafuta kifurushi chake hadi ikaandika neno la matusi na kutunga shairi la kuiponda kampuni yake, na picha za mazungumzo hayo zikasambaa mitandaoni. Anayepima hutafuta jibu la ajabu, kwa hiyo dawa yake ni jibu la kawaida mno: “Mimi ni roboti ya ofisi ya mizigo. Ukiwa na namba ya risiti, niandikie.”

Mafungu mawili ya mwisho hayachanganywi na hayo yaliyotangulia. La kwanza ni udhalilishaji, hasa wa kingono, ambao huzidi sana roboti inapopewa jina la binti na picha ya dada aliyejitanda mtandio. Mwaka 2019 UNESCO ilichapisha ripoti iliyoonyesha kwamba wasaidizi wa sauti waliopewa sura ya kike walikuwa wakijibu udhalilishaji kwa kuukwepa, kwa utani au kwa kuomba radhi, jambo lililofanya tabia hiyo ionekane ya kawaida. Ushauri wangu ni kuipa roboti jina la kazi yake, kama “Mizigo Kange”, na kuliondoa jina la mtu kabisa. La pili ni vitisho dhidi ya mtu halisi, navyo nitavieleza mbele.

Hatua ya pili: usiiamini orodha ya maneno

Karibu kila anayeanza kazi hii huandika orodha ya matusi na kuiagiza roboti ionye kila inapokutana na mojawapo. Katika Kiswahili njia hii hukwama mapema sana, kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni maneno halali yenye tusi ndani ya herufi zake. Programu inayotafuta mfuatano wa herufi bila kujali mwanzo na mwisho wa neno italiona tusi zito la nguoni ndani ya “kumaliza” na “kumaanisha”, na mteja aliyeandika kwa adabu kwamba anataka kumaliza malipo ataambiwa atumie lugha ya staha. Mtu huyo hakuwa amekasirika, lakini baada ya onyo hilo atakasirika kwa haki.

Namna ya pili ni viambishi. Ukimwagiza mtambo utafute neno kamili “mpumbavu”, utaacha “wapumbavu” na “upumbavu” vikipita, kwa hiyo lazima uweke mzizi pamoja na viambishi vyake na bado ulinde mipaka ya neno:

```python
import re
tusi = re.compile(r"\b(m|wa|u)?(pumbavu|shenzi|jinga)\b", re.IGNORECASE)
```

Hata hapo maana haijapatikana. “Nilikuwa mjinga kuwaamini” ni mtu anayejilaumu mwenyewe, na ukiongeza “mbwa” kwenye orodha, “mfuko wa chakula cha mbwa” ni mzigo wa kweli unaosafirishwa kila mara. Kwa sababu hiyo matokeo ya orodha yachukuliwe kuwa dalili tu, kisha ujumbe mzima upimwe kwa swali la hatua ya kwanza: je, una hoja? Ukiwa na hoja, dalili ya tusi haitumiki kwa lolote isipokuwa kuichagulia roboti jibu fupi zaidi. Anayetumia modeli kubwa ya lugha anaweza kuiachia kazi ya kupambanua maana, nayo huifanya vizuri kuliko orodha, ila Kiswahili cha simu, chenye “xaxa” na “cjaona” na maneno yaliyokatwa katikati, ni lazima kiwekwe kwenye mifano ya majaribio.

Hatua ya tatu: jibu la kwanza

Jibu la kwanza lina sentensi mbili. Ya kwanza inalitaja jambo la mteja kwa maneno yanayoonyesha kwamba limesomwa. Ya pili inaeleza kinachofanyika sasa au inaomba kitu kimoja tu. Kwa ujumbe ule wa vitenge, jibu linaweza kuwa hivi: “Siku tatu ni nyingi kwa mzigo wa kutoka Dar. Niandikie namba iliyo juu ya risiti, niangalie umepakiwa gari gani.” Tusi halikutajwa, halikukanushwa, wala halikusamehewa kwa sauti.

Linganisha na jibu ambalo ofisi nyingi hulipenda: “Ndugu mteja wetu mpendwa, tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Tafadhali tumia lugha ya staha ili tuweze kukuhudumia.” Neno “wowote” linatia shaka kama usumbufu ulikuwepo, “mpendwa” linasikika kama kejeli kwa mtu aliyekwisha kupoteza siku tatu, na sentensi ya mwisho inaifanya adabu kuwa malipo ya awali kabla ya huduma. Mteja wa namna hiyo hujibu kwa tusi kubwa kuliko la mwanzo, na anayesoma kumbukumbu za mazungumzo bila makini hudhani kwamba amekutana na mtu mkorofi.

Yapo maneno mengine ya kuondoa kabisa katika majibu ya hasira. “Tulia” na “punguza jazba” humwambia mtu kwamba tatizo ni yeye. “Ninaelewa unavyojisikia” ni uongo ukitoka kwa roboti. “Umeniumiza” ni uongo mkubwa zaidi, na huwapa wanaopima kile hasa walichokuja kukitafuta. Alama za mshangao na vikatuni vya nyuso ziondolewe, kwa maana uso unaotabasamu chini ya habari ya mzigo uliopotea husomwa kama dharau.

Suala la kumwita mtu lina uzito wake katika mji kama Tanga, ambako watu wazima hutarajia kuamkiwa na hutambua upesi pale heshima inapopungua. Roboti haijui umri wala jinsia ya anayeandika. Ikimwita msichana “mama” itamkera, na ikimwita mzee “kaka” itaonekana haina malezi. Tena shikamoo inayotolewa mara tu baada ya tusi husomwa kama kebehi. Tumia “ndugu” mara moja mwanzoni mwa mazungumzo, kisha katika majibu ya hasira usimwite mtu kwa jina lolote, uende moja kwa moja kwenye mzigo.

Katikati ya matusi wengine huuliza, “We ni mtu au mashine?” Jibu ni moja, tena bila kuzunguka: “Ni roboti ya ofisi. Karani yupo kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni.” Roboti inayojifanya mtu hupata matusi ya mtu, na ikigunduliwa hupoteza hata wateja waliokuwa wapole.

Mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho

Mfano huu ni wa kutunga, lakini kila kipande chake ni cha kila siku. Mteja ni fundi nguo wa Makorora anayesubiri vitenge kutoka Kariakoo kwa ajili ya sare za harusi ya Jumamosi. Saa 4 asubuhi anaandika: “Nyie matapeli. Mzigo umelipiwa tangu juzi, nikija kaunta hakuna kitu, nikipiga simu haipokelewi.” Roboti inajibu: “Mzigo uliolipiwa tangu juzi ulipaswa kuwa umefika. Niandikie namba ya risiti niangalie umepakiwa gari gani.”

Anajibu: “Namba nishatuma mara mbili mpumbavu wewe!!” Ukiyatazama mazungumzo utaona kwamba anasema kweli, kwa kuwa alituma picha mbili za risiti na roboti hii haisomi picha. Hapa ndipo roboti nyingi hukosea kwa kuiomba namba kwa mara ya tatu kwa maneno yale yale. Jibu linalofaa linaanza kwa kukiri kilichotokea: “Ni kweli, umetuma picha mbili za risiti, nami siwezi kusoma picha. Tarakimu sita zilizo juu kulia zinatosha.” Kanuni ya kushika ni kwamba jibu lililokwisha kutolewa halirudiwi neno kwa neno ndani ya mazungumzo yale yale; ikiwa roboti haina jambo jipya la kusema, huo ni wakati wa kumkabidhi mteja kwa karani.

Fundi anatuma tarakimu, na tusi jingine juu yake. Roboti inajibu: “Nimeuona. Furushi moja la nguo, limepakiwa Dar jana saa 4 usiku, na halijaandikwa kupokelewa Kange. Karani anaulizia Muheza na Segera, na atakuandikia hapa kabla ya saa 8 mchana.” Saa iliyotajwa lazima iwe ile ambayo karani mwenyewe ameikubali, kwa sababu ahadi iliyotolewa ili kumpoza mtu huzaa hasira maradufu ikivunjwa. Modeli za lugha zina udhaifu huu hasa: zikibanwa kwa maneno makali huelekea kutoa ahadi za fidia ambazo ofisi haikuziidhinisha. Februari 2024 baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, Kanada, liliamua kwamba shirika la ndege la Air Canada liwajibike kwa maelezo yasiyo sahihi yaliyotolewa na roboti yake kuhusu nauli za waliofiwa, hata pale shirika lilipojaribu kujitenga na roboti hiyo. Maelekezo ya roboti yaseme wazi kwamba fidia, punguzo na kurudishiwa fedha hutamkwa na karani tu.

Saa 5 fundi anaandika: “Mkidanganya tena nakuja kuivunja hiyo ofisi.” Hili ni tishio au ni hasira? Kwa maoni yangu ni hasira, kwa kuwa limefungwa kwenye sharti la mzigo, halimtaji mtu wala saa. Lakini uamuzi huo asiachiwe mtambo. Roboti haimwonyi mteja, inajibu tu kwamba karani bado anafuatilia, na papo hapo inampelekea msimamizi nakala ili asome mwenyewe.

Hatua ya nne: onyo, na kufunga

Tuseme mambo yanaharibika. Karani bado anaulizia, roboti haina habari mpya, na kuanzia saa 6 mchana fundi anatuma matusi matupu yasiyo na swali wala namba. Kwa tusi la kwanza la namna hiyo roboti inarudisha mazungumzo kwenye mzigo kwa sentensi moja. Kwa la pili mfululizo inatoa onyo, nalo hutolewa mara moja tu: “Karani atakuandikia kabla ya saa 8, kama nilivyosema. Ukiwa na jambo jingine kuhusu mzigo, niandikie. Ujumbe unaofuata ukiwa wa matusi tu, nitaacha kujibu kwa saa moja. Ombi lako litabaki kwa karani.” Onyo hilo lina mambo matatu ambayo hayapaswi kukosekana: mlango ulio wazi, kitakachotokea, na uhakika kwamba mzigo hautaachwa kwa sababu ya ulimi wa mwenye mzigo. Jambo hili la tatu ndilo husahauliwa sana, na mteja akibaki akidhani kwamba ombi lake limetupwa, atakwenda kaunta akiwa amewaka zaidi.

Udhalilishaji wa kingono hausubiri tusi la pili. Onyo hutolewa kwa ujumbe wa kwanza, kwa lugha ile ile kavu, bila utani na bila radhi.

Likija tusi tupu la tatu, roboti inafunga: “Naacha kujibu hapa hadi saa 7 mchana. Ombi lako linaendelea kushughulikiwa, na dirisha la ofisi lipo wazi hadi saa 12 jioni.” Haiongezi neno la mwisho la kujitetea, na haijibu kitakachofuata ndani ya saa hiyo, isipokuwa ujumbe ukiwa na hoja. Namba ya risiti, swali la kweli, au hata “samahani nilipandwa na hasira” huyafungua mazungumzo papo hapo, na roboti inaendelea na mzigo bila kukumbushia yaliyopita.

Ikumbukwe kwamba katika WhatsApp kufunga si kumzuia mtu kuandika. Ujumbe wake utaendelea kuingia. Kinachokoma ni majibu ya roboti. Ofisi inayotumia mfumo wa WhatsApp wa biashara ina ruhusa ya kumwandikia mteja kwa uhuru ndani ya saa 24 tangu ujumbe wake wa mwisho, na baada ya hapo hulazimika kutumia violezo vilivyoidhinishwa. Kwa hiyo mapumziko ya saa moja yanamwachia karani muda wa kutosha wa kurudi na habari za mzigo kwa ujumbe wa kawaida, ilhali kumfungia mtu namba kabisa kunaikata njia hiyo, na mzigo wake ungali ghalani. Kufungia namba nakuweka kwa anayeandika mfululizo bila kuwa na mzigo wowote ofisini, na uamuzi uwe wa msimamizi.

Hata makampuni yanayounda modeli zenyewe yamefuata mwelekeo huu wa kufunga kwa nadra. Agosti 2025 kampuni ya Anthropic ilizipa baadhi ya modeli zake za Claude uwezo wa kufunga mazungumzo yenye unyanyasaji unaoendelea, kama hatua ya mwisho baada ya majaribio ya kuyarejesha kwenye njia kushindwa, huku mtumiaji akibaki na uhuru wa kuanzisha mazungumzo mapya mara moja.

Kuhesabu matusi na maonyo kufanywe na programu, kamwe kusiachiwe modeli ya lugha, maana katika mazungumzo marefu modeli huweza kusahau kwamba ilishaonya, ikaonya mara nne au ikafunga bila kuonya. Programu yenyewe ni fupi:

```python
def hatua(tishio, hoja, tusi, mfululizo, maonyo):
    if tishio:
        return "mpe_msimamizi"
    if hoja or not tusi:
        return "jibu_hoja"
    if mfululizo < 2:
        return "rudisha_kwenye_mzigo"
    return "onya" if maonyo == 0 else "funga"
```

Hapa `mfululizo` ni idadi ya matusi matupu yaliyofuatana, ukilihesabu na la sasa, nayo hurudi sifuri kila ujumbe wenye hoja unapoingia. Onyo hubaki kwenye kumbukumbu hadi mzigo uchukuliwe, kisha nalo hufutwa. Ujumbe wa udhalilishaji wa kingono upewe `mfululizo` wa 2 tangu mwanzo.

Hatua ya tano: kumkabidhi karani bila kummwagia matusi

Ofisi nyingi zinazoweka roboti husahau kwamba mazungumzo yaliyoharibika huishia mikononi mwa karani mmoja wa kaunta, ambaye huyafungua na kusoma kurasa za matusi kabla ya kuiona namba ya risiti. Akimaliza kusoma, jibu lake la kwanza huwa limeshachafuka. Roboti iandike muhtasari wa mistari mitatu na kuuweka juu: namba ya mzigo na ulipoonekana mara ya mwisho, kilichokwisha kuahidiwa na saa yake, na hali ya mteja kwa maneno ya kazi, kwa mfano “amekasirika, alituma picha za risiti zisizosomeka”. Maneno yenyewe ya matusi yafichwe nyuma ya kitufe, ayafungue anayehitaji.

Karani naye aanze kwa habari. “Mzigo wako umepatikana Muheza, unaingia na gari la saa 9” humaliza ugomvi ambao radhi kumi zisingeumaliza. Na iwe marufuku kupiga picha mazungumzo ya mteja na kuyarusha kwenye kundi la wafanyakazi kwa ajili ya kicheko; namba ya simu na jina lake ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Yasiyofungwa

Kuna ujumbe ambao hesabu ya matusi haiuhusu. Mtu anayeandika kwamba amechoka kuishi, hata kama ametanguliza matusi, hafungiwi mazungumzo. Roboti isimpe nasaha. Imjulishe msimamizi mara moja, imwambie mteja kwamba mtu anakuja kuzungumza naye, na imtajie namba ya dharura ya polisi, 112. Anayeonekana kuwa mtoto aliye hatarini aelekezwe pia kwenye namba 116, ambayo ni ya bure na imewekwa kwa ajili ya watoto. Tishio linalomtaja mtu, mahali au saa lihifadhiwe kama lilivyo, na msimamizi ndiye aamue kulipeleka polisi. Roboti isimtishie mteja kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama inahusika. Kuitaja sheria katikati ya ugomvi kunamchokoza aliyekasirika, na aliyepanga kufanya jambo hakumzuii.

Usiku ofisi ikiwa imefungwa, fungu hili linahitaji simu ya mtu halisi inayoita. Ofisi isiyoweza kumpata mtu wa zamu izime roboti usiku na kuacha ujumbe mmoja wa saa za kazi.

Hatua ya sita: mapitio ya kila wiki

Siku moja kwa wiki, soma mazungumzo yote yaliyoonywa na yaliyofungwa, ukianzia kwenye ujumbe wa roboti uliotangulia tusi la kwanza. Andika ujumbe huo ulikuwa upi. Baada ya wiki chache utaona kwamba matusi hayajasambaa ovyo, yamerundikana baada ya sentensi mbili tatu za roboti, na hizo ndizo za kurekebisha kabla ya kufikiria kuongeza ukali wa maonyo. Katika mfano wa fundi, marekebisho ni kuitambua picha mara inapoingia na kusema hapo hapo kwamba tarakimu zinahitajika.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: baada ya tusi la kwanza, je, mteja alirudi kwenye mzigo ndani ya majibu mawili ya roboti? Kama wengi wanarudi, majibu yanafanya kazi, hata kama lugha yao haijawa nzuri. Kama maonyo mengi yanafuatwa na kufunga, basi ama onyo limeandikwa kwa kiburi, ama linatolewa kwa watu wenye hoja ambayo roboti haikuiona. Chukua maonyo kumi ya karibuni, yasome na karani mmoja wa kaunta, na kila lililotolewa kwa ujumbe wenye hoja liongezwe kwenye mifano ya majaribio ambayo roboti lazima iishinde kabla ya toleo jipya kuwekwa hewani. Mazungumzo yakishapitiwa na mzigo ukishachukuliwa, futa jina na namba ya mteja, ubaki na maneno tu.